Jina na simu ya mahojiano

"Hapa Malindi tunaambiwa jina si hoja, mwenye vyeti vizuri ataitwa tu. Ni kweli?"

Si kweli, na jambo hili limepimwa. Kahindi hutambulika kuwa Mgiriama na Otieno kuwa Mjaluo kabla karatasi haijafunguliwa. Kujua kama hilo huamua nani anaitwa ni kazi nyingine, maana waombaji halisi hutofautiana kwa mengi.

Wachumi Bertrand na Mullainathan walitunga waombaji wao katika miji ya Boston na Chicago, Marekani, wakachapisha matokeo mwaka 2004. Walituma wasifu kama 5,000, majina yakipangwa kwa bahati nasibu: Emily na Greg ya Kizungu, Lakisha na Jamal ya Wamarekani Weusi. Mwenye jina la Kizungu aliitwa mara moja katika kila maombi 10 hivi. Mwenye jina la Weusi, katika 15. Wasifu ulioboreshwa uliwainua wa kwanza waziwazi, wa pili kidogo tu. Hapo ndipo imani ya vyeti inapovunjika.

Jaribio hili hupima simu, si ajira yenyewe, na jina laweza pia kuashiria tabaka. Wala ukimya wa mwajiri mmoja hauthibitishi ubaguzi. Pengo huonekana kwenye maombi mengi.