Upande wa Mbali wa Mwezi Nao Hupata Jua

Wavuvi wa dagaa wa Unguja na Pemba husubiri giza. Mwezi ukiwa mpevu taa zao hufunikwa na mbalamwezi na dagaa hawakusanyiki vizuri. Mwezi ukifa, kazi hurudi. Lakini giza hilo ni letu sisi wa huku duniani. Siku hizohizo ambazo mwezi hauonekani kabisa, ule upande wake tusiouona huwa umewaka jua karibu wote.

Wengi huamini kwamba mwezi una upande mmoja usiopata jua daima. Kweli upo upande ambao hatuuoni tukiwa duniani, ila kutoonekana na kukosa jua ni mambo mawili tofauti. Mwezi huizunguka dunia kwa siku 27.3, na kwa muda huohuo hujizungusha wenyewe mara moja, ndiyo maana uso uleule ndio unaotuelekea. Kwa jua hali haiko hivyo. Pahali popote mwezini, isipokuwa karibu na ncha zake, jua huchomoza, huwaka kiasi cha wiki mbili, huzama, kisha usiku hukaa wiki mbili nyingine. Mzunguko mzima ni siku 29.5, uleule wa mwandamo hadi mwandamo. Umezidi zile 27.3 kwa sababu dunia nayo inasogea kulizunguka jua, na mwezi unalazimika kwenda mbele kidogo ili uifikie tena pembe ileile na jua.

Anayetaka kuhakikisha atafute chungwa, kijiti cha mishkaki, njiti ya kiberiti na taa moja isiyo na kifuniko, katika chumba chenye giza. Choma kijiti chini ya chungwa kiwe mpini. Ubavuni chomeka njiti, na upande wa pili, mkabala nayo, tia nukta kubwa kwa kalamu. Nyoosha mkono, njiti ikutazame wewe, na mtu wa pili asimame karibu na taa aitazame nukta.

Ukiielekea taa, chungwa lako ni jeusi na nukta inawaka: huo ndio mwezi mchanga. Geuka robo kushotoni, na mtu wa pili akufuate kwa ubavuni. Utaona nusu ya chungwa ina mwanga, na nukta iko mpakani, inaingia usiku. Geuka tena mpaka taa iwe nyuma yako; sasa mwezi ni mpevu na nukta iko gizani. Robo ya tatu, nukta inapambazukiwa.

Makosa yanayoharibu jaribio hili ni mawili. La kwanza ni kulishika chungwa usawa wa kichwa, kivuli chako kikalifunika unapoipa taa mgongo. Hapo umetengeneza kupatwa kwa mwezi. Linyanyue juu kidogo ya utosi. La pili ni kukizungusha kijiti vidoleni. Usikiguse: ukigeuka mwili mzima, chungwa linajizungusha lenyewe pamoja nawe. Anayeona eti halijizungushi amuulize aliyesimama pembeni, kwani yeye ataziona pande zote za chungwa kwa zamu.

Waliopeleka vyombo huko wanalijua hili na hupanga safari kwa kulifuata. Luna 3 ya Wasovieti ilipiga picha za kwanza za upande wa mbali tarehe 7 Oktoba 1959, siku chache tu baada ya mwezi mchanga, jua likiwa bado limeenea sehemu kubwa ya upande huo. Chang'e 4 ya China, chombo cha kwanza kutua huko, ilitua tarehe 3 Januari 2019 katika shimo kubwa la Von Kármán. Mwezi mchanga ulikuwa tarehe 6, kwa hiyo pale palikuwa asubuhi. Gari lake dogo, Yutu-2, lilikwenda kwa umeme wa jua, na ilibidi lipumzishwe kuelekea adhuhuri kwa sababu ya joto kali. Usiku wa kwanza ulipoingia lilizimwa, na kipimajoto kikasoma karibu nyuzi 190 za Selsiasi chini ya sifuri. Kilichofichika huko ni mawasiliano: mwili wa mwezi huziba mawimbi ya redio, kwa hiyo Wachina walitanguliza satelaiti ya kupokezana ujumbe, Queqiao, mwaka 2018.

Giza la kudumu mwezini lipo, ila halina upande. Mhimili wa mwezi umeinama kwa nyuzi 1.5 tu, hivyo kwenye ncha zake jua haliinuki, hupita likigusa upeo. Shimo lenye kina pale, kama Shackleton karibu na ncha ya kusini, huwa na sakafu isiyofikiwa na jua moja kwa moja, na baridi yake huweza kuhifadhi barafu. Mashimo ya namna hiyo yapo upande unaotuelekea na upande wa mbali pia.