Matensaiti: kwa nini springi hukomaa na nondo hukataa

Matensaiti ni hali ngumu, na yenye kuvunjika upesi, ambayo chuma chenye kaboni huingia kikitolewa motoni kikiwa chekundu na kupozwa ghafla. Makali ya tindo, ya shoka na meno ya tupa yote ni matensaiti iliyolegezwa kidogo. Kwenye mabanda ya jua kali pale Kibuye, Kisumu, tindo nzuri hufuliwa kutoka kwa springi kuukuu za magari. Mwanafunzi akifua ya kwake kwa kipande cha nondo ya ujenzi, akaipasha kwenye makaa yale yale na kuichovya kwenye mafuta yale yale, ncha itapinda kwa nyundo ya kwanza. "Fundi, mbona hii imekataa kukomaa?" Jibu kamili limegawanyika katika michoro miwili, na ukiujua mmoja tu utabaki na nusu ya habari.

Mchoro wa kwanza ni ule wa chuma na kaboni, ambao Roberts-Austen wa Uingereza aliuchapisha kwa mara ya kwanza mwaka 1897. Upande wa chini unasoma asilimia ya kaboni, upande wa wima unasoma joto. Chuma kisicho na kaboni kina atomi zilizojipanga kwa namna moja hadi nyuzi 912 za Selsiasi, kisha zinajipanga upya kwa namna nyingine yenye nafasi kubwa zaidi za kupokea kaboni. Mpangilio huo wa joto kali ndio ostenaiti. Kaboni ikiongezwa, joto la kugeuka kabisa hushuka, hadi kufikia nyuzi 727 kwa chuma chenye kaboni ya karibu asilimia 0.8. Chini ya hapo chuma hurudi kwenye mpangilio wa kwanza, feraiti, ambao hauwezi kubeba hata asilimia 0.03 ya kaboni. Kaboni iliyobaki lazima itoke. Hukusanyika kuwa simentaiti, tabaka jembamba jembamba zikipishana na feraiti, na mchanganyiko huo ndio pealaiti. Chuma chenye pealaiti hukatika kwa tupa bila shida.

Mchoro huu unakupa joto la kufikia. Hausemi lolote kuhusu muda, kwa sababu umechorwa kana kwamba chuma kina saa nyingi za kutulia katika kila joto. Ndiyo maana ukiutazama kona hadi kona hutaiona matensaiti.

Ili pealaiti ipatikane, atomi za kaboni lazima zisafiri kutoka zilipo hadi mahali pa kukusanyika. Safari hiyo inataka muda na joto. Chuma kikipozwa kwa kasi kuliko safari yenyewe, kaboni hunaswa ndani. Atomi za chuma bado zinataka kurudi kwenye mpangilio wa chini, basi zinateleza zote kwa pamoja, kwa ghafla, na kuifungia kaboni mahali isipoenea. Mpangilio unavutwa upande mmoja na kukaza, na mkazo huo ndio ugumu wa matensaiti. Hapo ndipo nondo inaposhindwa. Kaboni yake kwa kawaida ni karibu asilimia 0.2, na ya springi ni karibu 0.6. Hata ukiipoza nondo kwa kasi ya kutosha, kuna kaboni kidogo tu ya kunasa, na ugumu utakuwa mdogo vilevile.

Sasa, kasi ya kutosha ni ipi? Swali hilo lilijibiwa na Davenport na Bain, Wamarekani wawili, katika kazi waliyoichapisha mwaka 1930. Njia ya kuchora mchoro wa pili ni ya subira. Vipande vyembamba vinapashwa hadi viwe ostenaiti, vinatumbukizwa kwenye risasi au chumvi iliyoyeyuka yenye joto lililopangwa, vinaachwa humo kwa sekunde kadhaa, kisha vinazamishwa majini na kutazamwa kwa hadubini ili kujua kiasi gani kimeshageuka. Ukirudia kwa joto tofauti, ukasoma muda upande wa chini na joto upande wa wima, kisha ukaunganisha alama, unapata mkunjo wenye umbo la herufi C.

Umbo hilo lina sababu. Karibu na nyuzi 727 chuma hakina haraka ya kugeuka, basi kinachelewa. Chini sana, kaboni husafiri kwa shida, basi kinachelewa tena. Katikati, karibu na nyuzi 550, mambo huenda kwa kasi kuliko pote, na hapo mkunjo husogea kushoto kabisa kuelekea sekunde sifuri. Hiyo ndiyo pua yake. Kwa chuma cha kaboni tupu chenye asilimia 0.8, una sekunde moja hivi au chini ya hapo kuipita. Ndiyo maana chuma cha aina hiyo huhitaji maji. Springi nyingi zina manganizi pamoja na kromiamu au silikoni, ambazo huchelewesha kugeuka na kuisogeza pua kulia. Unapata sekunde kadhaa, na mafuta yanatosha. Chini zaidi, karibu nyuzi 250 kwa springi ya kromiamu, kuna mstari mlalo ambapo matensaiti huanza. Uko mlalo kwa kuwa matensaiti haingoji muda. Kila joto linaposhuka zaidi, nyingine hutokea.

Kwa tindo, basi, kata kipande mbali na tundu la boliti katikati ya springi, maana ufa hupenda kuanzia hapo. Ukimaliza kufua, pasha ncha na uijaribu kwa sumaku mara kwa mara. Katika chuma hiki sumaku huacha kushika pale ostenaiti inapochukua nafasi, kwa hiyo ongeza moto kidogo tu, hadi kati ya nyuzi 820 na 850. Ukizidisha sana, chembe za chuma hukua. Vunja kipande cha majaribio na uangalie: mvunjiko mzuri ni wa kijivu laini, uliozidi moto unameta kama sukari.

Chovya ncha, sentimita 3 au 4, kwenye mafuta ya uvuguvugu wa nyuzi 50 hivi. Mafuta baridi ni mazito na hupoza polepole zaidi. Itembeze juu na chini, mvuke usije ukaizingira, na mpaka kati ya sehemu ngumu na laini usiwe mkali. Tupa ikiteleza juu yake bila kung'ata, umeipita pua. Ikiuma, umechelewa na umepata pealaiti. Ukitumia maji kwa springi unaweza kusikia mlio mdogo mkali: ufa. Matensaiti huchukua nafasi kubwa kuliko ostenaiti, ngozi hugeuka kwanza na kukakamaa, halafu kiini kinapovimba baadaye kinaipasua.

Usiiache hivyo. Sugua ncha haraka kwa jiwe mpaka ing'ae, na joto lililobaki nyuma litasogea mbele likipaka rangi: manjano ya nyasi kavu karibu nyuzi 230, kahawia karibu 255, zambarau karibu 280, kisha buluu. Kaboni kidogo inatoka kwenye mtego na mkazo unapungua. Kwa tindo ya kukata chuma mimi husimama kwenye zambarau, kwa kuchovya ncha tena. Rangi ikipita hadi buluu iliyofifia, ncha imelegea mno, na hakuna namna ya kurudisha ugumu ila kuipasha upya hadi sumaku iache kushika na kuichovya tena.