Je, wajua kwa nini akili mnemba ikifikiri kwanza hupatia maswali magumu?

Mashine ni ileile na maarifa yake ni yaleyale. Sasa ikikaa dakika nzima “inafikiri” kabla ya kujibu, inaongeza nini?

Inaongeza hatua za kati. Modeli ya lugha, yaani akili mnemba inayojibu kwa maandishi, huandika tokeni moja baada ya nyingine, yaani vipande vya maneno au namba, na kila tokeni hupitia idadi ileile ya matabaka ya hesabu, swali liwe jepesi au gumu. Njia yake ya kufanya kazi zaidi ni kuandika zaidi, kisha kuyasoma iliyoyaandika. Hiyo ndiyo karatasi yake ya rafu.

Chukua 347 × 286. Modeli ikijibu papo hapo, huanza na tarakimu za kushoto, ilhali hizo hutegemea namba zinazobebwa kutoka kulia, ambazo bado haijazipata. Hapo inabaki kubahatisha, na mara nyingi jibu hufanana na la kweli bila kuwa lenyewe. Ikiruhusiwa rafu, huandika 347 × 200 = 69,400; 347 × 80 = 27,760; 347 × 6 = 2,082. Kila hatua ni ndogo kiasi cha kutosheka na pito moja la matabaka hayo. Jumla ni 99,242. Inaweza hata kujihakiki: 350 × 286 ni 100,100, ukitoa 3 × 286, yaani 858, unarudi palepale.

Tabia hiyo ya kujihakiki si lazima ifundishwe kwa mifano ya binadamu. Mwaka 2025 kampuni ya Kichina ya DeepSeek ilieleza jinsi ilivyofunza modeli yake ya R1-Zero kwa kuipa tuzo jibu la mwisho likiwa sahihi na mpangilio ukifuatwa, bila kuionyesha namna ya kufikiri. Majibu yalirefuka yenyewe, na modeli ikaanza kurudi nyuma na kujaribu njia nyingine. Kwenye mtihani wa hisabati wa AIME 2024, usahihi ulipanda kutoka asilimia 15.6 hadi 71.0. Ilipotatua kila swali mara nyingi na kuchukua jibu lililojirudia zaidi, ulifika 86.7. Kura hiyo husaidia kwa kuwa makosa hutawanyika huku na huku, ila jibu sahihi hufikiwa kwa njia nyingi. Kosa likiwa lilelile kila mara, kura haifui dafu.

Hata hivyo, usiulize mwaka wa kuzaliwa wa mtu asiyejulikana ukitarajia rafu ikuokoe. Jambo ambalo modeli haikulihifadhi halipatikani kwa kupiga hesabu. Itazunguka tu, pengine ijishawishi kuwa ubahatishaji wake ni ukweli. Tena kila tokeni ya rafu hulipiwa, kwa pesa na kwa muda. Kuiuliza modeli ya namna hii mji mkuu wa Burundi ni hasara tupu.