Sabuni yako kushuka mauzo si kufifia kwa sabuni

Maisha ya bidhaa sokoni yana hatua nne: kuingia, kukua, kukomaa na kufifia. Ikiingia, muuzaji huitambulisha na kuwapa watu nafasi ya kuijaribu. Ikikua, huisambaza haraka kabla washindani hawajajaza rafu. Ikikomaa, hulinda wateja wake na kuwavuta wa wenzake. Ikififia, hupunguza gharama na kuwahudumia waliobaki.

Kosa linalonikera ni hili: mauzo yakipungua miezi miwili, meneja wa kampuni fulani hapa Eneo la Viwanda anatangaza kwamba bidhaa "imeingia hatua ya mwisho", kisha anakata bajeti ya matangazo. Hatua hizo hupimwa kwa soko zima la bidhaa ya aina hiyo. Mauzo ya chapa moja peke yake hayatoshi kuzionyesha.

Tuseme unasambaza sabuni ya mche kwa maduka ya Kayole. Mwaka jana uliuza katoni 40 kwa mwezi, sasa 30. Waulize wenye maduka wanauza katoni ngapi za sabuni ya mche za chapa zote. Kama jumla ilikuwa 400 na bado ni 400, watu hawajaacha kufua kwa mche. Wewe ndiye uliyepungua, kutoka asilimia 10 ya soko hadi 7.5. Soko limekomaa na kuna aliyekunyang'anya wateja. Hapo angalia bei ya mwenzako, faida anayomwachia mwenye duka, na kama ana kipande kidogo cha kadogo ambacho wewe huna. Lakini jumla ikiwa imeshuka hadi 300, bado una asilimia 10 yako, na wanunuzi wenyewe ndio wanaohamia kwingine, pengine kwenye sabuni ya unga. Kupigana bei hapo ni kupoteza faida, maana mche wa bei nafuu hautamrudisha aliyekwisha kubadili namna ya kufua.

Kuchanganya mambo haya mawili kuna hasara kubwa, kwa sababu kosa hujithibitisha lenyewe. Ukikata matangazo na wasambazaji, mauzo yatashuka kweli, nawe utasema ulijua. Nchini Marekani, dawa ya meno ya Ipana iliachwa na kampuni yake mwishoni mwa miaka ya 1960 kama kitu kilichokwisha. Wafanyabiashara wawili wakalichukua jina hilo na wakaiuza tena bila matangazo ya maana. Wanunuzi walikuwa bado wapo, na watu hawakuwa wameacha kupiga mswaki.

Kwa hiyo, ndugu zangu wa mauzo, mkitaka kusema bidhaa inafifia, leteni kwanza hesabu ya soko zima, tena ya mwaka mzima, maana Januari ya ada za shule hushusha mauzo ya vitu vingi. Kama hesabu hiyo hamna, semeni tu kwamba mauzo yetu yameshuka.