Lukina kwa ng'ombe na mbuzi: dhana zinazoponza mifugo

Lukina, ambayo wengine huiita lusina, ni mti wa malisho wa jamii ya mikunde. Majani yake makavu yana protini kati ya asilimia 20 na 25, na wakati wa kiangazi hubaki mabichi wakati nyasi zimegeuka mabua. Ndiyo maana mfugaji akishaipanda huipenda. Lakini majani hayo yana kemikali iitwayo mimosini, na juu yake zimezuka dhana nyingi. Baadhi humfanya mfugaji aung'oe mti wenye faida, na nyingine humfanya amlishe mnyama mpaka amdhuru.

Dhana: Ni majani tu, mnyama atakula mpaka atosheke

Kipimo ambacho wataalamu wa malisho hukitaja kwa mifugo isiyoizoea lukina ni kwamba isizidi asilimia 30 ya chakula chote kikavu anachokula mnyama kwa siku. Maneno yenye uzito hapo ni mawili: "kikavu" na "anachokula". Watu wengi hukosea katika hayo mawili, kwa hiyo tuchukue ng'ombe mmoja tupige naye hesabu.

Ana kilo 400, na chakula chake kikuu ni mabua ya mahindi. Kwa malisho duni kama hayo hula takriban kilo 8 za chakula kikavu kwa siku. Asilimia 30 ya kilo 8 ni kilo 2.4. Majani mabichi ya lukina pamoja na vijiti vyake laini yana maji mengi, kiasi kwamba ukivuna kilo 10 hubaki na kilo kama 3 tu zikikauka. Basi kilo 2.4 kavu ni sawa na kilo 8 mbichi. Hapo ndipo mwisho wake kwa siku.

Je, anahitaji kufika huko? Mabua yana protini ya asilimia 4 hivi, na vijidudu vya tumboni mwa mnyama anayecheua huhitaji asilimia 7 au 8 ndipo viweze kumeng'enya mabua vizuri. Mpe kilo 6.4 za mabua, zenye gramu 256 za protini, pamoja na kilo 1.6 kavu za lukina yenye protini ya asilimia 24, zenye gramu 384. Jumla ni gramu 640 ndani ya kilo 8, yaani asilimia 8 kamili. Kilo 1.6 kavu ni kama kilo 5 na nusu za majani mabichi. Kwa maneno mengine, pengo la protini kwenye mabua linazibika kabla hata ya kukaribia mpaka wa hatari. Ng'ombe wa maziwa anahitaji protini zaidi ya hiyo, lakini nyongeza yake itoke kwenye chakula kingine kama mashudu, si kwa kuongeza lukina bila kipimo.

Kwa mbuzi wa kilo 30 hesabu ni ile ile. Hula kama gramu 900 kavu kwa siku, hivyo mpaka wake ni gramu 270 kavu, au gramu 900 za majani mabichi. Mwanzoni pima kwa mizani. Ukishaona mzigo wa kilo 5 unavyokaa mkononi, jicho litazoea.

Sasa neno "anachokula". Mfugaji anaweza kuweka horini mabua kilo 10 na lukina mbichi kilo 8 akaamini yuko salama. Ng'ombe huchagua lukina yote, akayagusa mabua kidogo, mengine akayakanyaga. Akila kilo 4 tu za mabua, lukina imeshafika zaidi ya theluthi ya mlo wake. Ndiyo sababu madhara huzidi katikati ya kiangazi: lukina haijaongezwa, ila chakula kingine kimepungua au kimekuwa kigumu mno. Dawa yake ni kukatakata mabua na kuyachanganya na lukina ili asiweze kuchambua. Kila asubuhi tazama kilichobaki horini, kwani masalio hukwambia alichokula kweli, si ulichokusudia ale.

Dhana: Kama ni sumu, mnyama angekufa siku ileile

Hii ndiyo dhana ninayoiogopa zaidi, kwa sababu sumu hii mara nyingi huja polepole na huvaa sura ya magonjwa mengine. Kuna hatua mbili.

Hatua ya kwanza ni ya mimosini yenyewe. Huzuia chembe zinazogawanyika haraka, na mizizi ya nywele ni miongoni mwake. Mnyama mwenye njaa aliyeingizwa ghafla kwenye shamba la lukina anaweza kuanza kunyonyoka nywele ndani ya wiki moja au mbili. Ukishika nywele za mkiani au mgongoni ukavuta taratibu, hutoka kwa mafungu bila mnyama kushtuka. Huo ni utofauti mzuri na upele au chawa, ambako utamwona akijikuna na ngozi ina magamba au vidonda. Pamoja na hayo hudondosha mate mengi na kususia chakula.

Hatua ya pili ni ya kimyakimya. Vijidudu vya tumboni huigeuza mimosini kuwa kemikali nyingine, kwa kifupi DHP. Hiyo haiangushi nywele sana, lakini hulizuia tezi la shingo kutengeneza homoni zake. Mnyama anakula, anaonekana mzima, ila haongezeki uzito. Baada ya wiki au miezi tezi huvimba, na majike huweza kuchelewa kushika mimba au kuzaa ndama dhaifu wenye rovu. Mfugaji hulaumu dume, hulaumu minyoo, na lukina inaendelea kumiminwa horini.

Dhana: Rovu linatibika kwa chumvi yenye madini joto

Rovu la kukosa madini joto, sawa. Hili la lukina halikutokana na upungufu wa madini hayo. DHP hulizuia tezi kuyatumia hata yakiwepo tele, kwa hiyo jiwe la chumvi halitaondoa tatizo. Kinachosaidia ni kuiondoa lukina kwenye mlo. Mnyama akiacha kuila kabla hajadhoofika sana, nywele huota tena na hamu ya kula hurudi. Ukitaka kumrudishia, anza upya kwa kiasi kidogo.

Dhana: Ukiyaanika majani, sumu yote huisha

Kuna ukweli nusu hapa, na ndio unaodanganya. Majani yakinyauka au kukatwakatwa, kimeng'enya kilichomo ndani ya jani lenyewe huanza kuivunja mimosini, na kukausha kwa joto kali huipunguza zaidi. Lakini zao la kuvunjika huko ni ile ile DHP. Kwa hiyo majani yaliyoanikwa huweza kupunguza kunyonyoka nywele huku yakiuacha mzigo wa tezi la shingo palepale. Faida ya kuanika ni kuhifadhi malisho na kurahisisha kupima. Usiitumie kama ruhusa ya kuvuka asilimia 30.

Linalosaidia zaidi ni kuchagua sehemu ya kuvuna. Mimosini hujaa kwenye machipukizi machanga ya nchani na kwenye mbegu, na hupungua kwenye majani yaliyokomaa. Shamba lililokatwa likaanza kuchipua upya ni tamu kwa mifugo, na ndilo lenye sumu nyingi kuliko wakati wowote. Subiri matawi yakomae kidogo ndipo uvune.

Dhana: Mbuzi hawadhuriki na lukina

Mbuzi wana sifa ya kula chochote, ndipo dhana hii ilipoota. Ukweli ni kwamba kinga ikiwepo haitokani na umbuzi wa mbuzi, bali na bakteria waliomo tumboni mwake. Mtafiti Raymond Jones wa Australia aliona kwamba mbuzi wa Hawaii walikula lukina nyingi bila shida, ilhali mifugo ya kwao Australia iliathirika. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 maji ya tumbo la mifugo iliyozoea yalihamishiwa kwa mifugo ya Australia, nayo ikaanza kuivunja DHP. Mwaka 1992 mmoja wa bakteria hao alipewa jina la Synergistes jonesii, kwa heshima ya mtafiti huyo.

Kwa hiyo mtu akikwambia kwamba kuna mahali ng'ombe hunenepeshwa kwa lukina karibu tupu, usibishe. Katika kisiwa cha Sumbawa, Indonesia, wafugaji hufanya hivyo kwa mafahali. Lakini mifugo hiyo imezoea, nayo haifanani na ng'ombe uliyemnunua jana sokoni. Wewe huwezi kujua kwa kumtazama mnyama kama ana bakteria hao wa kutosha, na mnyama aliyekaa muda mrefu bila kuila lukina anaweza kuwa amepoteza uwezo aliokuwa nao. Mchukulie kama mgeni.

Kumzoesha hakuhitaji ujanja. Kwa ng'ombe wetu wa kilo 400, anza na kilo 1 ya majani mabichi baada ya kumpa mabua kwanza ili asile kwa njaa. Ongeza kilo moja kila baada ya siku mbili mpaka ufike 5 au 6. Mbuzi aanze na kiganja kimoja au viwili. Ukiona mate yanazidi au nywele zinatoka, rudi nyuma siku hiyohiyo. Ng'ombe wa maziwa mpe lukina baada ya kukamua, la sivyo harufu yake huweza kuingia kwenye maziwa.

Dhana: Miti yote ya malisho ina sumu hii

Kaliandra na glirisidia hazina mimosini. Kaliandra ina tanini nyingi, ambazo hupunguza sehemu ya protini inayomfaidi mnyama, na glirisidia ina harufu inayowafanya wengi waikatae mpaka wazoee au inyauke kwanza. Kuchanganya miti miwili au mitatu ni njia nzuri ya kupata protini bila kuegemea lukina peke yake.

Na hesabu zote hizi ni za wanyama wanaocheua. Punda na farasi hunyonyoka manyoya ya shingo na mkia kwa kiasi ambacho ng'ombe hakimsumbui, na nguruwe, sungura na kuku nao huathirika haraka. Kama punda hulala banda moja na ng'ombe, hori la lukina liwe upande asioufikia.