Barua ya kudai slipu za mshahara: uombe nini, na kwa nini mwajiri hawezi kusema "hatuna"

Ujumbe wa benki hauonyeshi mshahara, unaonyesha kilichobaki baada ya makato. Hapo ndipo ugomvi mwingi wa malipo unapoanzia, na ndiyo maana Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, ya Tanzania Bara (Zanzibar wana yao), inataka katika kifungu cha 27 kila malipo yaambatane na maelezo ya maandishi. Hata fedha ikiingia moja kwa moja benki, maelezo hayo hayasamehewi.

Tuchukue mlinzi wa ghala mwenye mshahara wa msingi wa 390,000 kwa mwezi, saa 45 kwa wiki. Sheria inaupeleka mshahara wa mwezi kwenye wiki kwa kugawa kwa 4.333, kisha unagawa kwa saa za wiki. Saa moja inakuwa shilingi 2,000, na ya ziada, ambayo ni mara moja na nusu, 3,000. Mwezi huu amefanya saa 20 za ziada, kwa hiyo jumla yake ni 450,000. Toa asilimia 10 ya NSSF, yaani 45,000, inabaki 405,000. Kodi ni asilimia 8 ya kinachozidi 270,000, ambayo ni 10,800. Alitakiwa kupokea 394,200.

Benki inasema 344,520. Pengo ni 49,680. Ukipiga hesabu ya 390,000 peke yake, bila saa za ziada, unatua palepale kwenye 344,520. Kwa hiyo ni karibu hakika kwamba ziada haikulipwa. Lakini bila slipu, mhasibu anaweza kusema ililipwa kisha ikakatwa mkopo, au kreti iliyopotea, na huna cha kumwonyesha.

Barua yake iwe fupi na itaje miezi. Ukiandika "slipu zangu zote" utapewa mbili za karibuni na kuambiwa zimekwisha.

YAH: MAOMBI YA SLIPU ZA MSHAHARA NA KUMBUKUMBU ZA MALIPO

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mlinzi katika ghala lako tangu Machi 2023. Kwa kuzingatia vifungu vya 27 na 96 vya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, naomba: slipu za mshahara za Januari hadi Juni 2025, nakala ya kumbukumbu za malipo yangu kwa miezi hiyo, zikionyesha mshahara wa msingi, saa za ziada na kila kato na sababu yake, na nakala ya daftari la mahudhurio la zamu zangu.

Naomba kupatiwa ndani ya siku 14 tangu kupokea barua hii.

Wako mtiifu,
(jina, saini, namba ya simu)

Siku 14 si za sheria, ni muda wa kiungwana tu. Daftari la mahudhurio nalo kifungu cha 27 hakilitaji, unaliomba kwa sababu ndilo linalothibitisha saa zako. Chapa nakala mbili. Moja ibaki ofisini, ya pili igongwe muhuri wa mapokezi na kuandikwa tarehe mbele yako. Mapokezi wakikataa, tuma kwa rejista ya posta na utunze risiti.

Jibu linalosikika sana ni "mfumo ulibadilishwa, za zamani hazipo". Halisimami. Kifungu cha 96 kinamtaka mwajiri aweke kumbukumbu za masharti ya ajira na malipo, na azitunze miaka mitano baada ya ajira kukoma. Anayeacha kazi leo bado ana faili lake. Tena kifungu cha 15 kinasema mwajiri akishindwa kuleta mkataba au maelezo ya maandishi mbele ya shauri, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalobishaniwa unamwangukia yeye. Mfanyakazi akisema mshahara ulikuwa 390,000 na kampuni haina karatasi, ni kampuni inayohangaika.

Slipu zikija, usiziamini peke yake. Zilaze kando ya taarifa ya benki na taarifa ya michango ya NSSF. Slipu inayoonyesha 45,000 imekatwa wakati NSSF haijapokea kitu cha mwezi huo ni dosari kubwa kuliko pengo la ziada.

Kuna jambo moja linaloumiza wengi: barua haisimamishi saa. Madai ya malipo hufunguliwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipotokea, na ya kuachishwa kazi isivyo halali ndani ya siku 30. Ukisubiri mhasibu arudi likizo, muda unakwisha, na hapo itabidi uombe kwanza kuongezewa muda ukiwa na sababu za msingi. Siku ya 14 ikipita kimya, jaza fomu ya Tume namba 1 na uambatishe ile nakala yenye muhuri.