Kujipatia Mali kwa Udanganyifu: Nia ya Kulaghai Huthibitishwaje?

Mtu akichukua fedha zako kisha asitimize alichoahidi, amevunja ahadi. Hilo peke yake ni deni, na deni hudaiwa kwenye kesi ya madai. Ili liwe jinai ya kujipatia mali kwa udanganyifu, lazima pawe na uongo uliotangulia fedha kutoka mkononi mwako, na aliyeusema awe anajua kuwa ni uongo au haamini kuwa ni kweli.

Tena si kila uongo. Kifungu cha 312 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinataka uongo huo uhusu jambo lililopita au lililopo, uwe umetolewa kwa maneno, maandishi au kitendo. Fasili hiyo ina asili ya Kiingereza. Mwaka 1955, katika kesi ya Dent, mahakama ya rufaa ya Uingereza ilifuta hukumu dhidi ya mtu aliyepokea malipo ya awali kwa wakulima ili awaangamizie wanyama waharibifu, kisha kazi hakuifanya. Sababu ni kwamba alichosema kilihusu atakachofanya baadaye. Baadaye Waingereza waliibadili sheria yao, na sasa kudanganya kuhusu nia uliyo nayo moyoni ni uongo kama uongo mwingine. Penye fasili ya zamani, kazi ya kwanza ni kuchambua sentensi za mshtakiwa moja moja.

Chukua mfano. Muuzaji anamwambia mnunuzi: "Gari langu limeshafika bandarini, ushuru nimelipa, nitakukabidhi baada ya siku 14." Mnunuzi analipa nusu ya bei. Siku zinapita, gari halionekani. Sentensi ya siku 14 ni ahadi, haifai kubeba shtaka. Mbili za mwanzo zinafaa, kwa sababu ukweli wake unaweza kukaguliwa kwa siku ileile zilipotamkwa. Hati ya mashtaka inayoandika "alidanganya kuwa ataleta gari" imejikwaa tangu mlangoni, hata kama muuzaji ni tapeli kweli.

Sasa nia. Hakuna shahidi anayeona ndani ya kichwa cha mtu, kwa hiyo mahakama huisoma katika matendo yanayozunguka tukio. Kumbukumbu za bandari zikionyesha kuwa gari lenye namba hiyo ya chasisi halijawahi kuingia, uongo umethibitika, lakini nia bado. Huenda naye alidanganywa na wakala wake. Ikionekana kwamba gari hilohilo aliwauzia watu watatu ndani ya wiki moja, au alitumia jina lisilo lake, maelezo ya wakala yanakosa pa kusimama. Kuzima simu kuna uzito mdogo kuliko watu wanavyodhani. Hata mdaiwa wa kawaida huzima simu. Kinyume chake, risiti inayoonyesha alimtumia wakala fedha za gari siku moja kabla mnunuzi hajamlipa inaweza kumwokoa. Kurudisha fedha baada ya kukamatwa hakufuti kosa, kwani nia hupimwa kwa wakati alipopokea.

Jambo jingine husahaulika: uongo lazima ndio uliomfanya mnunuzi alipe. Kama alikuwa anajua gari halipo, au alilipa kabla hajaambiwa lolote, kosa kamili halipo, ingawa kujaribu kunaweza kubaki.

Kughushi ni kosa tofauti, hata kama hutokea katika mkasa uleule. Muuzaji akiandika kwa jina lake mwenyewe kwamba ushuru umelipwa, karatasi hiyo ina uongo lakini haijaghushiwa: inasema imetoka kwake, na kweli imetoka kwake. Akichukua risiti halisi ya forodha na kubadili tarehe au namba ya chasisi, ameghushi, maana sasa inajifanya kuwa kitu ambacho ofisi ya forodha haikukitoa. Hapa hahitajiki mtu aliyepoteza hata senti. Kifungu cha 348 cha Kenya kinaichukulia nia ya kulaghai kuwa ipo iwapo wakati wa kughushi alikuwepo mtu anayeweza kulaghaiwa kwa hati hiyo, na utetezi wa "nilikuwa nadai haki yangu" hauiondoi dhana hiyo.

Kinachoangusha kesi za kughushi ni swali la nani aliandika. Ofisa wa forodha anakuja na kitabu chake na kusema risiti si yao. Mtaalamu wa maandishi anasema saini si ya ofisa. Yote hayo yanathibitisha kuwa hati ni bandia, bila kuonyesha mkono wa mshtakiwa. Ndiyo maana waendesha mashtaka huongeza shtaka la kuwasilisha hati ya kughushi, ambalo halijali aliyeiandika. Ila hapo lazima waonyeshe kwamba alipoitoa alijua si halali, na kazi ya kusoma nia inaanza upya kwa hati hiyo: aliipata kwa nani, lini, na kwa nini hakwenda dirishani kulipa mwenyewe.